Hundi imeingia, fedha bado: kisa cha mwanafunzi wa Kikoni

Ukiweka hundi benki, ujumbe unaofika kwenye simu yako huwa na namba mbili, na wanafunzi wengi husoma ile kubwa tu. Katika benki nyingi za hapa Uganda namba moja huandikwa `Ledger Bal` na nyingine `Avail Bal`. Ya kwanza ni salio la daftari, yaani kila kilichoandikwa kwenye akaunti yako, pamoja na hundi uliyoweka asubuhi hii. Ya pili ndiyo unayoruhusiwa kutoa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni fedha ambazo benki yako bado inazitafuta kwa wenzake, na bado haijajua kama itazipata.

Nilifanya kazi benki Kampala, miaka kadhaa kwenye kaunta na mingine kwenye chumba cha nyuma ambako hundi hupangwa, hupigwa picha na kutumwa. Sasa nimestaafu, naishi Bombo, na watoto wa ndugu na majirani wanaosoma Kampala huja kwangu wakiwa na maswali ya akaunti zao. Kisa ninachokiandika ni cha mmoja wao. Nitamwita Zubeda, ingawa si jina lake, na ameniruhusu nikieleze kwa namba zake zote. Nimekichagua kwa sababu hakuna tapeli ndani yake. Hundi ilikuwa ya kweli, shirika lilikuwa la kweli, afisa wa benki alimwonea huruma kwa moyo safi, na bado binti alijikuta anadaiwa karibu shilingi milioni moja.

Zubeda ni mtoto wa Arua, alikuwa mwaka wa tatu chuoni na akiishi hosteli ya Kikoni. Wakati wa likizo alikuwa amezunguka vijijini na dodoso za shirika moja dogo, na shirika likamlipa kwa hundi ya shilingi 1,850,000. Aliipata Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023 mchana. Juu yake palikuwa na mistari miwili ya kukatiza, ile inayosema hundi hii lazima ipitie akaunti. Kwa hiyo hakuweza kwenda nayo kwenye kaunta ya benki ya shirika akapewa fedha taslimu. Akaipeleka kwenye tawi la benki yake, Wandegeya, saa tisa na nusu alasiri.

Hapo kuna jambo la kwanza ambalo hakuliona. Kila tawi lina saa ya mwisho ya kupokea hundi zitakazotumwa siku hiyo. Keshia atakupokea hata baada ya saa hiyo, atakugongea muhuri wa tarehe ya leo, lakini hundi yako itasafiri siku ya kazi inayofuata. Saa tisa na nusu ya Ijumaa ilikuwa imeshapita muda. Jumamosi tawi lilifunguliwa nusu siku kwa wateja, lakini hundi hazikwenda popote. Jumapili ni Jumapili. Jumatatu ilikuwa tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru. Hundi yake ilianza safari Jumanne tarehe 10.

Yeye lakini alikuwa ameshapata ujumbe Ijumaa ile ile. Akaunti ilikuwa na shilingi 62,000 kabla ya hundi. Sasa salio la daftari lilisoma 1,912,000, na la kutoa likabaki 62,000. Alinieleza baadaye: "Shangazi, niliona milioni moja na laki tisa, nikasema Alhamdulillahi, hela zimeingia."

Hebu nieleze safari yenyewe, kwa sababu hapo ndipo jambo lote lilipo.

Tangu mwaka 2018 karatasi ya hundi haizunguki tena mjini kwa gari. Benki uliyoiwekea huipiga picha, na mashine husoma ule mstari wa namba ulio chini ya hundi: namba ya hundi, benki na tawi la aliyeiandika, na namba ya akaunti yake. Picha na namba hizo hutumwa kwenye kituo cha kubadilishana hundi kinachoendeshwa na Benki Kuu ya Uganda. Kituo huzigawa kwa benki za walioandika hundi, kila moja ikapata zake. Mwisho wake huangaliwa nani anamdai nani kiasi gani, na benki zikalipana kupitia akaunti zao zilizoko Benki Kuu.

Kisha benki ya aliyeandika hundi ndiyo hukaa na picha na kuuliza maswali. Sahihi inafanana na ile tuliyonayo? Kama zinatakiwa sahihi mbili, zipo mbili? Tarehe imeshapita miezi sita? Maneno na tarakimu vinasema kiasi kimoja? Mwenye akaunti hajatuandikia kuizuia? Na swali kubwa zaidi: fedha zipo?

Jambo ambalo watu wa nje hawalijui ni kwamba benki hiyo, ikiridhika, haitumi jibu la ndiyo. Hutuma jibu la hapana tu, pale inapoikataa hundi, na ina muda maalumu wa kufanya hivyo. Muda ukiisha bila hundi kurudishwa, imehesabiwa kuwa imelipwa. Ndiyo maana benki yako inakushikia fedha hata kama kila kitu kinaonekana sawa: inasubiri dirisha la kukataa lifungwe. Dirisha likifungwa pasipo kurudi chochote, zile shilingi, ambazo tayari ziko kwenye salio la daftari, huingia na kwenye salio la kutoa, na hapo ndipo tunaposema hundi imepita. Kabla ya hapo, ile namba kubwa ni maandishi ya muda ambayo benki ina haki ya kuyafuta.

Kwa hundi ya shilingi kutoka benki nyingine ya hapa nchini, iliyowahi saa ya mwisho, jawabu kwa kawaida hupatikana siku ya kazi inayofuata, na benki nyingine huongeza siku kwa tahadhari yake. Hundi ya benki ile ile uliyonayo wewe ni rahisi zaidi, maana daftari ni moja na keshia anaweza kuangalia pande zote mbili. Hundi ya nje ya nchi ni habari nyingine kabisa, hiyo husubiriwa kwa wiki.

Turudi kwa Zubeda. Hosteli ilimdai 650,000 na mwenye hosteli alikuwa ameshamwambia atafunga chumba. Mama yake Arua alimpigia kwamba mdogo wake amelazwa. Ada ya chuo, shilingi 900,000, ilitakiwa kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarehe 13. Jumamosi asubuhi akarudi tawini, akamkuta afisa aliyemzoea, akamweleza hali yake. Afisa akafungua akaunti, akaona hundi nyingine za shirika lile lile zilizowahi kuwekwa na zote zikapita. Akazungumza na meneja. Wakamruhusu atoe shilingi 900,000 kabla ya hundi kupita.

Huduma hiyo ipo, na si siri wala si upendeleo wa mlango wa nyuma. Benki humwezesha mteja anayeaminika kutumia sehemu ya hundi inayosubiriwa. Lakini itazame kwa jina lake la kweli: ni mkopo wa siku chache, na dhamana yake ni hundi ambayo hakuna anayejua kama italipwa. Zubeda alitia sahihi fomu. Fomu ilisema kwamba hundi ikirudi, benki itatoa kiasi chake chote kwenye akaunti, pamoja na ada na riba. Aliisoma? Alisema aliisoma. Nilimuuliza aliielewaje, akanijibu, "Nilidhani ni ya utaratibu tu, Shangazi. Kila fomu ya benki inasema hivyo."

Mimi ningependa maafisa wa benki waseme sentensi moja zaidi wanapompa kijana kalamu ya kutia sahihi: "Hizi si fedha zako bado, tunakukopesha." Maneno hayo hayapunguzi biashara ya benki hata senti moja.

Ujumbe wa simu ukabadilika. Salio la kutoa likawa 962,000. Akalipa hosteli 650,000, akamtumia mama 200,000, na 90,000 akanunua chakula na vitu vya darasani. Jumla 940,000. Salio la daftari likashuka hadi 972,000, la kutoa likabaki 22,000. Katika kichwa chake hesabu ilikuwa safi: hundi ikipita atakuwa na 972,000, atalipa ada 900,000, na atabaki na akiba kidogo. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ilisimama tu juu ya hundi ambayo hata haikuwa imetoka Wandegeya.

Jumatano tarehe 11 jioni hundi ikarudi. Benki ikaondoa 1,850,000 zilizokuwa zimeandikwa kwa muda, ikakata ada ya hundi iliyorudi, ambayo kwenye benki ile ilikuwa 40,000. Chukua 972,000, ondoa 1,850,000, ondoa 40,000. Akaunti ikasoma 918,000 chini ya sifuri.

Alipofika kwangu Bombo alikuwa na karatasi ya kurudishwa mkononi na alikuwa amelia. Alikuwa na hakika shirika limemtapeli. Nilimwomba karatasi, kwa sababu jambo la kwanza kulitazama hundi inaporudi ni sababu iliyoandikwa. Sababu hazilingani hata kidogo. Ikiandikwa kwamba urudi kwa mwandishi wa hundi, mara nyingi maana yake akaunti yake haina fedha za kutosha, na benki inakataa kukutobolea siri ya mteja wake. Ikiandikwa sahihi haifanani, au maneno na tarakimu havilingani, unahitaji hundi mpya na mara nyingi hakuna ubaya wa nia. Ikiandikwa malipo yamezuiwa, mtu ameamua kwa makusudi usilipwe. Ikiandikwa akaunti imefungwa, nenda polisi.

Yake ilisema fedha za mwandishi hazijapita, iletwe tena.

Nilimwonyesha mstari ule kwa kidole. Shirika nalo lilikuwa limeweka hundi kubwa ya mfadhili wake kwenye akaunti yake, mhasibu akaona namba kubwa kwenye salio la daftari, akaanza kuandika hundi za vijana wa dodoso. Hundi ya mfadhili ilikuwa bado iko njiani. Kwa hiyo Zubeda alitumia fedha za hundi ambayo haijapita, iliyoandikwa na mtu aliyetumia fedha za hundi ambayo haijapita. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hata wao hawakuwa nazo." Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kuliko kwa maelezo yangu yote ya kituo cha Benki Kuu. Fedha iliyopita ni ile ambayo benki ya mlipaji imeikata kweli kwenye akaunti yenye fedha, na haiwezi tena kuirudisha kwa sababu ya hundi hiyo.

Siku iliyofuata, Alhamisi, mambo yakazidi. Mama yake, bila kujua, alituma 150,000 ya chakula kutoka simu yake moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya binti. Benki ikaimeza. Haikuiba: akaunti iliyo chini ya sifuri hupunguza deni kwa kila shilingi inayoingia, iwe imetoka kwa nani na kwa kazi gani. Deni likashuka hadi 768,000, na binti akabaki hana hata ya chapati. Laiti angempigia mama Jumatano usiku na kumwambia atume kwenye laini ya simu na si benki, angekula wiki ile. Kama akaunti yako imeingia chini ya sifuri, simu za kwanza kupiga ni kwa wote wanaoweza kukutumia hela, kabla hata hujaenda tawini.

Tulifanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza alimpigia mhasibu wa shirika, na hakumuuliza "fedha zipo?" kwa sababu jibu la swali hilo lilikuwa ndiyo tangu mwanzo. Alimuuliza: "Hundi ya mfadhili imepita lini, na salio lenu la kutoa sasa linatosha hundi yangu?" Mhasibu, kwa heshima yake, aliangalia na kusema itakuwa imepita Ijumaa jioni. Pili, alikwenda ofisi ya fedha ya chuo na nakala ya hundi na karatasi ya kurudishwa, akaandika barua ya kuomba muda. Hawakumfutia tozo ya kuchelewa, lakini jina lake halikuondolewa kwenye orodha ya wanaofanya majaribio ya katikati ya muhula. Tatu, aliiweka tena hundi Jumatatu tarehe 16 saa tatu asubuhi, mapema kabisa, na hakuomba kutoa chochote. Asiiweke tena Ijumaa, nilimwambia, maana mtu anayesema fedha zitapita jioni huwa anakisia. Na hundi inayorudi mara ya pili inaleta ada ya pili.

Jumatano tarehe 18 hundi ikawa imepita. Kutoka deni la 768,000, pamoja na 1,850,000, na kutoa riba ya siku zile ambayo ilikuwa kama shilingi 4,000, salio la daftari na la kutoa yote mawili yakasoma takriban 1,078,000. Namba mbili zilizolingana: hiyo ndiyo alama unayoitafuta kwenye simu yako. Akalipa ada 900,000 na tozo ya kuchelewa 45,000, akabaki na kama 133,000.

Watu husikia kisa hiki wakasema kutumia mapema kulimgharimu 89,000. Ukiangalia kwa makini si hivyo. Ada ya hundi iliyorudi ingekuja hata kama hangegusa senti, na tozo ya chuo vilevile, kwa sababu shirika lilichelewa. Kutumia mapema kulimgharimu riba ile ndogo, 4,000, na juma zima asilokuwa na njia ya kupata hata hela ya mama yake. Riba haikuwa hatari. Ukikadiria asilimia 24 kwa mwaka, deni la 918,000 huzaa kama shilingi 600 kwa siku. Hatari ilikuwa sababu iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Ingesema akaunti imefungwa, Zubeda angekuwa na deni la 918,000, chumba kilicholipiwa ambacho hawezi kukirudisha, na hana kazi.

Kwa hiyo ukiwa na hundi na shida imekubana, uliza maswali haya kwenye kaunta, kwa maneno haya hasa: "Hundi hii itasafiri leo au kesho? Itakuwa imepita siku gani, kukiwa na sikukuu hii? Ikirudi, mnakata kiasi gani?" Keshia mzuri hujibu yote kwa dakika moja. Usiulize "hela zimeingia?" maana kwa daftari lake zimeingia, na atakujibu ndiyo bila kukudanganya. Kama bado unahitaji kutumia kabla, omba kiasi ambacho ungeweza kukilipa kwa njia nyingine hundi ikirudi. Zubeda angeomba 200,000 za mgonjwa, akamwonyesha mwenye hosteli stakabadhi ya hundi iliyogongwa muhuri, wengi wao Kikoni wangesubiri siku tano.

Na kama una sauti yoyote juu ya jinsi unavyolipwa, omba usilipwe kwa hundi. Malipo ya EFT, yaani fedha zinazotumwa kielektroniki kutoka akaunti hadi akaunti, hukatwa kwenye akaunti ya mlipaji kwanza ndipo yakaja kwako, kwa hiyo hayawezi kurudi baadaye kwa sababu mlipaji hana fedha. Yakirudi, mara nyingi huwa ni kwa sababu namba ya akaunti imekosewa. RTGS, njia ya benki kulipana papo kwa papo, malipo moja moja, ambayo hapa Uganda hupita kwenye mfumo wa Benki Kuu ulioanza mwaka 2005, hufika siku hiyo hiyo na ikifika imefika. Mpe mlipaji jina lako kama lilivyoandikwa benki, si kama unavyoitwa hosteli, pamoja na namba ya akaunti na tawi.

Kuna wanafunzi wanaosoma hapa ambao ni watunza hazina wa vyama vya chuo, na wao wanaandika hundi. Kwenu nasema: angalieni salio la kutoa kabla ya kalamu kugusa kitabu cha hundi. Mwandishi wa hundi ana wajibu mzito kuliko mpokeaji, na hapa nchini kutoa hundi huku ukijua haina fedha ni kosa la jinai, si la benki tu.

Nimesema kisa hiki hakina tapeli, lakini matapeli wanakifahamu vizuri sana. Unatangaza kompyuta yako ya kupakata kwa 1,200,000. Mnunuzi anakuja na hundi ya 1,800,000, anasema ofisi yake imekosea, anakuomba uiweke na umtumie 600,000 kwa simu. Anakaa nawe hadi ujumbe wa benki ufike na wewe uione namba kubwa. Unamtumia, kwa hela zako mwenyewe, na anaondoka na kompyuta. Hela ya simu imetoka na haina safari ya kurudi. Hundi yake umeiweka Ijumaa jioni, wikiendi yote iko mbele yake, na itarudi Jumanne. Kama mtu anakulipa zaidi na anataka tofauti leo, mwambie utampa siku ambayo namba mbili kwenye simu yako zitalingana, na kompyuta utampa siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa kweli atakerwa kidogo, kisha atasubiri.